Inua Kitanda, Usikunje Shingo

(Mazungumzo niliyoyatoa kwenye kikao cha wazazi na walimu, Tanga, wakati wa kipupwe. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)

Ndugu zangu, assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamoni. Walimu na wazazi wenzangu, habari za asubuhi.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka 31 nimefanya kazi wodini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa zamu ya usiku. Mtu wa zamu ya usiku huwajua wagonjwa wake kwa masikio. Taa zimepunguzwa, wageni wameondoka, wodi imetulia. Ikifika saa nne, saa tano, unasikia kitanda cha tatu kimeanza kukohoa, kitanda cha saba nacho kinajibu. Ni watu walewale walioshinda mchana kutwa wamekaa, wakipiga soga na ndugu zao, wala hawakukohoa hata mara mbili.

Nilipokuwa mgeni wa kazi nilijiuliza sana. Ugonjwa ni uleule, dawa ni zilezile, hewa ya wodi ni ileile. Kimebadilika nini? Kimebadilika kitu kimoja tu, ndugu zangu: wamelala.

Dada mmoja mkubwa wa wodi ndiye aliyenifundisha. Kabla hajafungua kabati la dawa, alikwenda miguuni mwa kitanda, akashika ule mkono wa chuma, akauzungusha taratibu. Mchago ukapanda. Akamwambia mgonjwa ajigeuze kidogo ubavuni. Tukakaa kimya tukasikiliza. Hakikuisha kikohozi, lakini kilipungua, na mgonjwa akapata usingizi. Leo nimekuja kuzungumza juu ya ule mkono wa chuma, na namna mtu asiye na kitanda cha hospitali anavyoweza kupata kazi yake nyumbani.

Kwanza tuelewe, tunapolala kunatokea nini?

Koo liko katikati ya njia mbili. Juu yake ni pua, chini yake ni tumbo. Mchana ukiwa umekaa au umesimama, makamasi ya pua yanateremka nyuma ya koo kidogokidogo, unayameza bila hata kujua. Tindikali ya tumbo nayo imetulia chini kwa uzito wake. Ukilala chali kwenye godoro lililo sawasawa, mteremko wote umeondoka. Makamasi yanatuama nyuma ya koo, yanakuwasha, unakohoa. Na ile tindikali, kama mlango kati ya umio na tumbo umelegea, inapata njia ya kupanda mpaka kooni. Tena ukishasinzia humezi mate mara nyingi kama mchana, na mate yenyewe hupungua. Mate ndiyo yanayousafisha umio. Kwa hiyo kitu kidogo ambacho mchana kingeoshwa mara moja, usiku kinakaa pale na kuchoma.

Kuna la tatu. Pua ikiziba, mtu hulala mdomo wazi. Usiku mzima hewa kavu inapita kooni. Anaamka koo limekauka kama ngozi ya ngoma, linauma kumeza, anadhani ana mafindofindo. Akishakunywa maji, akaamka saa nzima, maumivu yamekwisha. Huyo koo lake haliumwi. Pua yake ndiyo iliyoziba.

Sasa utajuaje wewe ni yupi? Sikilizeni vizuri hapa. Mwenye makamasi yanayoteremka kwa kawaida ana mafua au aleji, anakohoa punde tu akijinyoosha, na asubuhi anatoa kohozi. Mwenye tindikali anaweza asiwe na mafua kabisa. Kikohozi chake ni kikavu, kinakuja zaidi siku aliyokula usiku na kushiba, mdomo una uchachu au uchungu akiamka, na sauti ya asubuhi ina mikwaruzo. Na jambo linalowapoteza wengi ni hili: anaweza asisikie kiungulia hata kidogo. Kifua hakichomi, tumbo halisumbui, ni koo tu. Ndiyo maana anahangaika na dawa za kikohozi miezi na miezi.

Niwape kisa cha mtu mmoja, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote.

Ni mwalimu, mtu wa makamo, jirani yangu. Simtaji jina. Alinijia akisema, "Dada, wiki ya tano hii sijalala. Nikijilaza tu, kikohozi. Mke wangu kahamia chumba cha watoto." Alikuwa ameshanunua dawa ya maji ya kikohozi chupa tatu, na dozi mbili za antibaiotiki dukani bila kupimwa. Kitu cha kwanza nilichomwambia hakikuwa habari ya kitanda. Nilimwambia aende kupima makohozi. Nasema tena: kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu, hata kama unajiona mzima. Vipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Alikwenda, akakutwa hana. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza habari ya kulala.

Nikaenda kukiona kitanda. Futi tano kwa sita, cha mninga, kizito. Mchagoni pana mito mitatu imepandana, miwili ya sufi na mmoja wa sponji. Akaniambia kwa fahari, "Mimi nalala kichwa juu, dada, kama mnavyoshauri."

Nikamwambia alale nimwone. Akalala. Ndugu zangu, kichwa kilikuwa juu kweli, lakini kidevu kimegusa kifua! Shingo imekunjika, kiuno kimekunjika, tumbo limebanwa katikati. Mabega bado yako chini kwenye godoro. Je, huyo ameinuka? Hajainuka, amekunjika. Tumbo likibanwa, tindikali inasukumwa juu zaidi. Njia ya hewa ikikunjwa, inakuwa kama mpira wa maji uliopigwa kona. Na usiku akijigeuza mito inatawanyika, saa nane kichwa kimeanguka pembeni na shingo inauma mpaka asubuhi.

Kinachotakiwa kuinuka si kichwa. Ni kiwiliwili chote, kuanzia kiunoni kwenda juu, kimenyooka. Shikeni hilo neno: kimenyooka.

Njia iliyo bora kwa mwenye kitanda cha matendegu ni kuinua matendegu mawili ya mchagoni. Kiasi gani? Sentimita 15 mpaka 20. Si zaidi, maana utakuwa unateleza usiku kucha. Na chini ya 10 ni kujisumbua bure. Mafundi mnaonisikiliza mnajua tofali la saruji la inchi sita. Likilazwa kwa ubapa wake, unene wake ni inchi sita, yaani sentimita 15, kipimo chenyewe hasa. Tulitafuta mawili. Lakini tendegu likiwekwa juu ya tofali tupu linaweza kuteleza, na kitanda cha mninga kikianguka na watu wawili juu yake ni balaa. Fundi wa jirani akatupa vipande viwili vya ubao, akachonga kishimo katikati ya kila kimoja, tendegu likazama humo. Chini ya ubao, juu ya tofali, tukaweka kipande cha mpira wa tairi ili usiteleze. Kisha tukakisukuma kitanda kwa nguvu, huku na huku. Hakikutikisika. Fanyeni hivyo kabla hamjakilalia: kisukumeni.

Usiku wa kwanza alilalamika. Alikuwa anateleza, anaamka miguu imegonga ubao wa chini. Hilo huwapata wengi na ndipo wanapokata tamaa. Dawa yake ni ndogo: mto mwembamba chini ya magoti kwa anayelala chali, au kati ya magoti kwa anayelala ubavu. Na shuka ile ya hariri inayoteleza iwekwe kando, itandikwe ya pamba. La pili, neti ilikuwa haifiki tena chini upande wa mchagoni, mbu wakaingia. Ukiinua kitanda, teremsha na neti, uichomeke upya chini ya godoro pande zote nne. Tusiponye kikohozi tukaleta malaria. Mito mitatu tukaondoa miwili. Ukabaki mmoja tu, wa kujaza nafasi ya shingo.

Bado hakupona wiki ile. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa anakula saa tatu na nusu usiku, ugali na samaki wa nazi wenye pilipili, na saa nne amelala. Ukiinua kitanda huku tumbo limejaa, umefanya nusu ya kazi. Tulimwomba mkewe chakula kikuu kiwe saa moja. Yapite masaa matatu kati ya tonge la mwisho na kulala. Usiku akisikia njaa, kitu chepesi. Mkewe alikubali haraka, maana na yeye alitaka arudi chumbani kwake.

Na palikuwa na jambo la tatu. Alikuwa akilala ubavu wa kulia, ameelekea ukutani. Hapo ndipo nilipomwonyesha hiki nilichokuja nacho leo.

Mnaliona dumu hili? La lita tano, lile la mafuta ya kula. Nimelijaza maji nusu, na kifuniko nimekitoa. Tazameni mdomo wake: haupo katikati, uko pembeni. Sasa nalilaza ubavu, mdomo ukiwa upande wa juu. Maji yanatoka? Hayatoki. Yametulia chini, mdomo uko juu ya maji. Nageuza upande wa pili. Haya, mama sogea usilowe. Maji yanamwagika. Dumu ni lilelile, maji ni yaleyale.

Tumbo letu limekaa hivyohivyo. Umio hauingii tumboni katikati, unaingia upande mmoja. Ukilala ubavu wa kushoto, mfuko wa tumbo unaning'inia chini na mlango wa umio unabaki juu ya kilichomo. Ukilala ubavu wa kulia, mlango unazama chini ya tindikali. Kwa hiyo mwenye uchachu na kikohozi kikavu cha usiku alale ubavu wa kushoto. Na hata tindikali ikipanda kidogo akiwa ubavu wa kushoto, inarudi chini upesi kuliko akilala chali au kulia. Mama mjamzito naye, hasa miezi ya mwisho, ambaye kiungulia humtesa sana, ubavu wa kushoto unamfaa yeye na unamfaa mtoto aliye tumboni.

Mtu atasema, nikishasinzia nitajuaje nimegeuka? Hutajua. Weka mto mrefu mgongoni, uubane kati yako na ukuta, na mwingine uukumbatie mbele. Ukitaka kugeuka mto unakuzuia. Mwalimu wetu alibadilishana tu upande na mkewe. Amezoea kulala ameelekea ukuta, basi alipohamia upande wa pili wa kitanda tukakisogeza kitanda kwenye ukuta wa pili, akawa anaelekea ukuta kwa ubavu wa kushoto. Mazoea ya mtu yageuzwe yamsaidie.

Wiki ya tatu kikohozi cha usiku kilikuwa kimebaki mara moja moja. Mkewe akarudi chumbani. Lakini ile sauti ya mikwaruzo asubuhi ilichukua karibu miezi miwili kusafika. Nawaambia hili ili msivunje matofali siku ya nne. Koo lililoungua kila usiku halitengemai kwa usiku mmoja. Na wengine hawatapona kwa kitanda peke yake, watahitaji dawa ya kupunguza tindikali. Hiyo mwandikiwe na daktari.

Sasa wapo watakaosema, muuguzi, mimi sina kitanda. Nalala kwenye godoro chini. Au kitanda changu ni cha chuma cha ghorofa, hakiinuliki. Nawe una njia, tena ya zamani sana. Chukua kiti cha kawaida cha mbao, kile chenye egemeo. Kipindue. Miguu iwe juu, imeegemea ukutani, na egemeo lake lishuke mbele liguse godoro. Mnaona? Egemeo limekuwa mteremko. Tandaza blanketi lililokunjwa juu yake, kisha mto. Mgonjwa anaegemeza mgongo wote, kuanzia kiunoni, siyo shingo. Mteremko huu ni mkali kuliko wa matofali, kwa hiyo unafaa kwa usiku wa mafua mazito au koo linalouma kumeza, pale mtu anapotaka kukaa nusu ameketi. Haufai kulaliwa miezi. Mwenye kiungulia cha siku zote akate godoro kuukuu la sponji kwa umbo la kabari, juu sentimita 25 hivi, likishuka mpaka kwisha pale kiunoni, akaliweka chini ya godoro lake.

Na kwa mafua? Niseme ukweli. Kwa tindikali, mambo haya yamepimwa na yanasaidia. Kwa kikohozi cha mafua, kuinua kiwiliwili ni nafuu tu ya usiku ule, mafua yatakwisha kwa siku zake. Lakini ni nani aliyewahi kudharau usingizi wa saa nne mfululizo akiwa na mafua?

Hapo kuna siri ya pua. Ukilala ubavu, tundu la pua lililo chini huziba, lililo juu hufunguka. Jaribuni leo usiku. Binti yangu alipokuwa na miaka minane, alishikwa na mafua kipindi kama hiki, analala chali mdomo wazi, anaamka analia koo. Nilimlaza ubavu, nikamwinua kidogo mgongoni kwa blanketi chini ya godoro, na kila tundu moja lilipoziba nilimgeuza upande wa pili. Kabla ya kulala nilimtilia puani maji ya chumvi: maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai. Maji yaliyochemshwa, jamani, siyo ya bomba moja kwa moja. Kisha asali kijiko kimoja cha chai. Alilala mdomo umefungwa, na asubuhi koo halikumuuma. Mkubwa anaweza pia kusukutua koo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na kuyatema.

Kulala kifudifudi sikushauri. Ni kweli makamasi yanatoka mbele, lakini shingo inabidi ipindwe upande usiku kucha, na tumbo linabanwa na uzito wako mwenyewe.

Sasa nafika mahali ambapo naomba akina mama, na akina baba, mniangalie usoni. Haya yote niliyoyasema, msimfanyie mtoto mchanga.

Usiku mmoja aliletwa mtoto wa miezi mitatu. Alikuwa na mafua tu. Mama yake, kwa mapenzi, alimwekea mto mkubwa chini ya kichwa na mgongo ili apumue vizuri. Alipoamka kumnyonyesha akamkuta ameteleza, amejikunja chini ya mto, kidevu kimezama kifuani, rangi imebadilika. Alimnyanyua akamtikisa, mtoto akalia. Walifika kwetu wote wawili wakitetemeka. Mtoto alipona. Mimi nilikaa na yule mama mpaka alfajiri, hakukosa mapenzi, ila hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na shingo haina nguvu. Mkimweka kwenye mteremko, kichwa kinaanguka mbele na njia ya hewa inafunga, wala hana nguvu ya kujinyoosha. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alale chali, mahali pagumu kidogo, tambarare, bila mto. Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mteremko, kwa sababu watoto walikuwa wakifia humo.

Najua bibi hapa atasema, mtoto akilala chali si atapaliwa na maziwa? Hapaliwi, bibi yangu. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na umio uko chini yake. Maziwa yakirudi hubidi yapande mlima ndipo yaingie kwenye hewa. Akilala kifudifudi ndiyo mambo hugeuka. Mwenye mafua umsaidie hivi: matone mawili ya maji ya chumvi puani kabla ya kumnyonyesha, ukishamnyonyesha mshike begani amesimama wima kama nusu saa, uko macho, kisha umlaze chali. Asali usimpe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, inaweza kumletea sumu ya kumlegeza misuli. Mto mwembamba aupate akifika miaka miwili. Na mtoto akipumua haraka haraka, mbavu zikawa zinaingia ndani, au akashindwa kunyonya, usihangaike na namna ya kumlaza. Mbebe uende.

La mwisho ni la wazee wangu, na hili naliweka moyoni kuliko yote.

Alikuwepo mzee mmoja, fundi cherehani, tulimpokea wodini usiku. Nikamuuliza binti yake swali ambalo huwa nauliza kila mwenye kikohozi cha usiku: analalia mito mingapi? Binti akasema, "Mitatu. Lakini zamani alikuwa analalia mmoja." Zamani lini? "Wakati wa mfungo." Halafu ikawa miwili, halafu mitatu, na wiki ile alikuwa analala amekaa kwenye kiti, ameinamia meza. Familia ilikuwa inamnunulia mito. Kila mto mpya ulimpa nafuu ya wiki mbili, wakaridhika.

Nikashika mguu wake juu ya kifundo, nikabonyeza kwa dole gumba nikihesabu mpaka tano. Nilipoachia, shimo la kidole lilibaki pale. Lile halikuwa koo. Ulikuwa moyo. Moyo ukichoka kusukuma damu, akilala maji hujaa kwenye mapafu, anakohoa na pumzi inambana, akikaa na kuning'iniza miguu anapata nafuu. Tofauti na yule mwalimu ni pumzi. Mwalimu alikuwa anakohoa, lakini anapumua. Mzee huyu alikuwa anaamka usiku wa manane akitafuta dirisha.

Kwa hiyo hesabuni mito ya wazazi wenu. Ikiongezeka mwezi hadi mwezi, miguu ikavimba, akashindwa kulala bila kukaa, msimwongezee mto. Mpelekeni hospitali. Na mzee anayetumia dawa za presha zile ambazo majina yake huishia na "pril", akipata kikohozi kikavu kisichokwisha, amwambie daktari wake. Dawa hizo huleta kikohozi kwa baadhi ya watu, zipo za kubadilisha. Asiziache mwenyewe.

Hali kadhalika, mtu yeyote mwenye maumivu ya koo akashindwa kumeza hata mate yake, yakawa yanamtoka, sauti ikawa kama ana kiazi cha moto mdomoni, au mdomo ukagoma kufunguka, msimlazimishe kulala. Mwacheni akae jinsi anavyotaka yeye, mumpeleke akiwa amekaa hivyohivyo.

Nimeambiwa muda wangu umebaki dakika kumi. Sitaki kuzitumia kusema. Mwalimu, tafadhali nisaidie kile kiti cha mbao kule nyuma, na lile blanketi. Mzee mmoja na kijana mmoja waje hapa mbele tukipindue, kila mtu aone kwa macho yake egemeo linakaa wapi na kiuno kinaanzia wapi.